"Nitarudi katikati ya mwezi": tusome pamoja jibu moja la mashine

Kwa kawaida tukisema kuchambua andiko, mtu anawaza kitabu, wimbo, ao hotuba ya mkubwa fulani. Leo mi naleta andiko la mistari mitatu ambalo hakuna mtu aliyeliandika kwa ajili yangu. Ni lile jibu ambalo imeli inajituma yenyewe wakati mwenye biro hayupo. Nimeliweka kwenye telefone tangu mwezi wa 10 mwaka 2023, na kila nikilisoma naona kosa jipya. Lilikuwa la Kifaransa, nawapa kwa Kiswahili:

"Niko nje ya biro na sitaweza kufungua imeli kila mara. Nitarudi katikati ya mwezi. Kwa jambo la haraka, tafadhali wasiliana na wenzangu wa lojistiki. Asante kwa uvumilivu wenu."

Haya. Mtu akilisoma mbio mbio atasema: sasa kosa liko wapi? Ana heshima, amesema atarudi, ametoa mahali pa kwenda. Njo maana nataka tulisome polepole, kwa sababu jibu hili lilikula karanga za watu.

Nieleze kwanza. Nilikuwa nafuatilia kikundi cha wamama upande wa Kabambare, na programe moja ya kilimo ambayo sitaitaja jina. Mapatano yalikuwa rahisi. Wamama wanatoa shamba la pamoja la nusu hektari na mbegu yao ya karanga. Programe inaleta dawa ya kufunika mbegu, kamba za kupandia kwa mstari, na mtaalamu wa kuonyesha. Kamyo ingepakia Kasongo Jumatano tarehe 11 na kufika kwetu Alhamisi tarehe 12 mwezi wa 10. Mtu wa kupanga safari zote za magari alikuwa mmoja tu, na njo huyo aliyeandika ile mistari mitatu.

Wale wa agronomia wanajua, ila kwa wengine nasema: karanga ya mbegu inakaa vizuri ikiwa ndani ya ganda lake. Ukishaimenya, ile ngozi nyekundu nyembamba haivumilii. Ikikwaruzwa kidogo, ikilala kwenye gunia siku za mvua, inanyonya unyevu, ukungu unaingia, na nguvu ya kuota inashuka. Kwa hiyo unamenya siku moja ao mbili kabla ya kupanda, si zaidi. Maana yake tarehe ya kamyo kwa wamama wale haikuwa habari ya kamyo tu. Ilikuwa njo tarehe ya kumenya.

Alhamisi tarehe 5 niliandika: mvua imeanza, njia imeharibika, je, tarehe 12 bado inasimama? Dakika ileile jibu la mashine likaingia. Nikasema sawa, ameenda misheni, mradi ujumbe umefika. Jumamosi tarehe 7 nikasikia kwamba daraja moja la miti limelegea, nikaandika tena: kama mnaona njia ni mbaya, tusogeze mpaka tarehe 14, mnijibu kabla wamama hawajaanza kumenya. Safari hii mashine ikanyamaza.

Hapo njo nilipokosea mimi mwenyewe. Nilifikiri hivi: Alhamisi mashine ilijibu kwa sababu mtu hayupo. Leo mashine haijibu, basi mtu amerudi na anasoma. Kama hajakataa tarehe 12, ameikubali. Nikampigia mama prezida wa kikundi, nikamwambia, "Mama, tarehe ni ileile." Akaniuliza, "Mwanangu, wamekuambia ao unadhani?" Nikajibu kwamba wameniambia.

Wamama walimenya Jumanne na Jumatano, karibu kilo 60 zenye maganda, zikatoa kama kilo 40. Alhamisi kamyo haikuja. Ijumaa nikapata namba ya mtu mmoja wa lojistiki. Alikuwa mwema sana, lakini aliniambia: "Ndugu, mimi natoa gari kama kuna karatasi ya safari. Ratiba iko kwenye kompyuta yake, na sahihi ni yake." Mwenye biro alirudi Jumatatu tarehe 16. Kamyo ilifika kwetu tarehe 19.

Sasa turudi kwenye andiko. Mstari wa kwanza: "sitaweza kufungua imeli kila mara." Haya maneno yanapendwa sana na watu wa projè, yanaonyesha kwamba mtu yuko mbali na ana kazi nzito. Lakini msomaji afanye nini nayo? "Si kila mara" inaacha mlango wazi kidogo, na mwenye shida siku zote ataweka mguu kwenye ule mlango. Mimi niliandika mara ya pili kwa sababu ya neno hilo hilo. Angesema "sitafungua imeli kabisa", ningetafuta namba ya simu siku ileile ya tarehe 5, na tulikuwa na wiki nzima mbele yetu. Kwa hiyo mtu aseme anafungua kila jioni, ao aseme hafungui. Hakuna aibu katika kusema hufungui. Konje ni konje.

Mstari wa pili: "Nitarudi katikati ya mwezi." Katikati ya mwezi wa 10 ni tarehe 12? 15? 18? Kwa mtu anayehesabu mshahara, hiyo tofauti si kitu. Kwa mtu mwenye mbegu iliyomenywa ni kitu kikubwa. Na hata mtu akitaja tarehe, bado kuna mitego. Ukisema "niko nje mpaka tarehe 16", je, tarehe 16 upo ao haupo? Wengine wanaelewa hivi, wengine vile. Ukiandika kwa tarakimu tupu, kama 10/11, sisi tuliosoma Kifaransa tunaona tarehe 10 mwezi wa 11, lakini Mmarekani wa makao makuu anaona tarehe 11 mwezi wa 10. Andika siku, tarehe na jina la mwezi pamoja: "Jumatatu 16 Oktoba". Siku na tarehe zinachungana: ukikosea moja, msomaji anaona kwamba hazipatani na anauliza.

Kuna jambo lingine ambalo nimelielewa baadaye. Siku ya kurudi biro si siku ya kujibu. Mtu aliyekaa nje wiki mbili anakuta imeli zimejaa, shefu anamwita kwenye mkutano, na gari linahitaji siku mbili za kutengenezewa karatasi na kupakia. Kwa hiyo safari ya tarehe 17 iko hatarini hata kama mtu anarudi tarehe 16. Mwandishi wa jibu anafikiri juu ya siku zake yeye, wapi ataanza na wapi ataisha. Msomaji anafikiri juu ya siku ya tukio lake. Jibu zuri linaongea na kalenda ya msomaji.

Na hapa tunaingia mstari wa tatu, ambao kwangu njo mbaya kuliko yote: "Kwa jambo la haraka, wasiliana na wenzangu wa lojistiki." Hesabu mambo yanayokosekana. Hakuna jina, hakuna namba, na haisemi "haraka" ni nini. Kila mtu anaona lake ni la haraka, na mtu mwenye adabu anaona lake si la haraka hata likiwa linaungua. Wamama wa kijijini na sisi vijana wa mastaji tuko katika kundi hilo la pili: tunaogopa kusumbua biro. Ungeniuliza tarehe 5 kama jambo langu ni la haraka, ningesema hapana, nauliza tu. Afadhali haraka ipimwe kwa tarehe ya tukio: "kama safari yenu iko kabla ya tarehe 18, piga simu." Hapo aibu inaondoka, unaangalia kalenda na unajua.

Lakini tuseme jina na namba vingekuwepo. Bado nisingepata gari! Yule ndugu wa lojistiki hakuwa na ratiba wala sahihi. Aliandikwa kama mtu wa enterimu bila kupewa enterimu. Nafikiri mwenye biro alilijaza lile jibu dakika kumi kabla ya kupanda pikipiki, akaweka "wenzangu" kwa sababu kila jibu la aina hii lina sentensi kama hiyo. Ni kama mtu anayeondoka nyumbani anasema ufunguo uko kwa jirani, na jirani hana habari. Mtu wa kushika ratiba wakati wa haraka anahitaji vitu vitatu: aione kalenda, awe na ruhusa ya kuibadilisha, na ajue kwamba ametajwa. Kama kimoja hakipo, afadhali usimtaje, kwa sababu msomaji atapoteza siku mbili akimtafuta mtu asiyeweza kumsaidia. Kabla ya kuandika jina la mwenzio, mpigie, mwambie: "Wakikupigia juu ya Kabambare tarehe 12, utafanya nini?" Akibabaika, bado hujamwachia kazi.

Sasa lile swali la mashine kunyamaza. Nimelifuatilia, na ninyi mlijue, kwa sababu wengi wetu tutadanganywa nalo. Imeli ya programe ile inapita kwa Gmail. Jibu la Gmail la kutokuwepo halijitumi kila mara unapoandika. Ukishapata moja, ukiandika tena ndani ya siku nne, hupati kitu. Mashine haijazimwa, inakuruka tu. Nilipata jibu tarehe 5, nikaandika tarehe 7, siku mbili baadaye. Kimya kile hakikuwa na maana yoyote.

Si ujanja wa Gmail peke yake. Kanuni za wahandisi wa intaneti juu ya majibu ya aina hii, karatasi inayoitwa RFC 3834 ya mwaka 2004, zinapendekeza mtu yuleyule asitumiwe jibu lilelile zaidi ya mara moja ndani ya siku 7. Sababu yake ni nzuri: watu wawili wakiwa kwenye konje siku moja, mashine zao zingejibizana usiku na mchana mpaka sanduku lijae. Kwa hiyo siwalaumu wahandisi. Ila mwandishi wa jibu anapaswa kujua kwamba msomaji wake atalipata mara moja tu, na halafu atakutana na kimya. Sentensi ya kumkinga iwe ndani ya lile jibu moja: "Kama hujajibiwa na mtu, safari yako haijathibitishwa." Hiyo sentensi moja ingewaokoa wamama wale.

Jambo lingine la Gmail linasaidia. Ukibadilisha maneno ya jibu lako, hesabu inaanza upya, hata aliyepata la zamani atapata jipya akiandika tena. Basi kama misheni imerefushwa, ingia ubadilishe tarehe. Usiache tarehe iliyopita iendelee kujibu watu. Na pale pa kuweka siku ya mwisho, weka. Jibu linazimika lenyewe usiku wa siku hiyo. Ukiliacha wazi, litaendelea kusema hupo hata ukiwa umekaa mbele ya kompyuta.

Mtu atasema: kijana, kwetu nani anatumia imeli, kila kitu ni WhatsApp. Kweli kabisa, na wengi wa shirika ndogo na wauza mbegu wa Kasongo wanatumia WhatsApp Business, yenye ile `Message d'absence`. Lakini hapo kuna tofauti kubwa. Jibu la Gmail linatoka kwenye mashine za Gmail zenyewe, hata telefone yako ikiwa imezimika katikati ya pori. Ile ya WhatsApp Business inahitaji telefone yako iwe na koneksio. Sasa fikiria mtaalamu anatoka Kasongo kwenda ndani ya Kabambare, anaweka ujumbe wa kutokuwepo, anaingia mahali hakuna rezo siku nne. Ujumbe wake unafanya kazi akiwa na rezo, yaani wakati angeweza kujibu mwenyewe, na unakufa wakati hasa unahitajika! Kwa safari za namna hiyo, tuma ujumbe kwa watu wa ratiba yako kabla ya kuondoka, ama acha ile telefone ya kazi kwa mtu wa enterimu.

Juu ya lugha niseme kidogo. Mwaka 2008 huko Swansea, nchi ya Wales, watu wa jimbo walituma maneno ya kibao cha barabarani yatafsiriwe kwa Kiwelsh: magari makubwa yasipite. Jibu likarudi kwa Kiwelsh, wakalichonga kwenye kibao, wakalisimamisha. Kumbe lilikuwa jibu la mashine la mtafsiri: hayupo ofisini, tumeni kazi yoyote ya kutafsiri. Tunacheka, lakini mama prezida wetu angepata lile jibu la Kifaransa angelifanya nini? Angeona ujumbe umeingia na kufurahi. Mistari miwili ya Kiswahili chini ya Kifaransa haigharimu kitu. Na saa vilevile. Ukiandika "piga simu kuanzia saa 8", mtu wa biro anasoma saa nane ya Kifaransa, ni asubuhi. Mama wa Kasongo anaelewa saa nane ya mchana, jua likiwa kichwani. Halafu makao makuu yakiwa Kinshasa, kumbuka wako nyuma yetu saa moja.

Nimejaribu kuliandika upya lile jibu, kama ningekuwa mimi mwenye biro ile:

"Niko nje ya biro kuanzia Jumatatu 2 Oktoba 2023. Nitaanza kujibu tena Jumatatu 16 Oktoba. Kabla ya hapo sitafungua imeli. Kama gari lenu limepangwa kabla ya Jumatano 18 Oktoba, na mnataka kuthibitisha, kusogeza ao kufuta, mpigie (jina, kazi, namba), saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana (8h00 mpaka 15h00), saa ya Kindu. Yeye ana ratiba ya magari na ana ruhusa ya kutia sahihi. SMS inatosha: andika mahali, tarehe ya zamani na tarehe mnayotaka. Kama hamjajibiwa na mtu, safari haijathibitishwa."

Ni ndefu kuliko lile la kwanza, ndiyo. Nimeondoa "asante kwa uvumilivu wenu", kwa sababu mtu huwa anashukuru kwa kitu alichopewa. Kuhusu namba ya simu, wengine wanaogopa kuiweka mbele ya kila mtu, na wana haki: jibu hili linaweza kumfikia yeyote anayeandika. Unaweza kuweka namba ya biro, ao kuchagua kwamba linaenda tu kwa watu walio kwenye orodha yako. Lakini ukichagua hivyo, kijana anayekuandikia mara ya kwanza hatapata kitu. Kwa kazi ya ratiba za vijiji, mi ningeweka namba ya biro.

Karanga sasa. Kamyo ilipofika tarehe 19, mtaalamu hakutaka tupande bila kujaribu. Tulihesabu mbegu 100 kutoka kwenye gunia lililomenywa, tukazifunga kwenye kitambaa kibichi, na nyingine 100 tulizozitoa kwenye maganda siku ileile. Za gunia ziliota 64. Za maganda 88. Piga hesabu: kupata mimea ileile ambayo kilo 40 nzuri zingetoa, tulihitaji kilo 55 za mbegu dhaifu. Zile 15 za kuongeza ni karibu kilo 22 zenye maganda, na zilitoka kwenye akiba ya nyumbani, ile ya kula na ya kuuza kidogo mtoto akiugua. Mama prezida alileta fungu lake la kwanza mwenyewe. Hakuniambia neno juu ya ile simu yangu ya tarehe 7.

Mwezi uliopita mi mwenyewe nilikuwa na safari ya siku sita. Nikaandika jibu langu lote, tarehe, jina, namba, kila kitu, na mwenzangu nikampigia kabla. Halafu nikajitumia imeli kutoka adresi ya dada yangu, kuona msomaji atapata nini. Jibu likaja mara moja: nitarudi Jumatatu, tarehe sahihi, mwezi sahihi, na mwaka wa jana.